Mkono Mzito Kwenye Nywele za Mzee

Shamba la mkonge lilipopata mwekezaji, makarani ndio tuliopunguzwa wa kwanza. Tuliambiwa mambo yamebadilika, sasa ni soko huria, kila mtu apambane. Haya, nikapambana. Nikaenda Same mjini, nikapata kazi kwenye studio ya picha karibu na stendi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kompyuta kidogo, na kwa sababu bosi hakumpata mwingine.

Kule shambani nilikuwa naandika stakabadhi: nakala ya juu, ya pili na ya tatu, katikati karatasi za kaboni. Usipokandamiza kalamu, nakala ya tatu haisomeki, na isiposomeka meneja anakufokea mbele za watu. Kwa hiyo nilikandamiza, tena nilikandamiza mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Mkono huo ndio niliokwenda nao studio.

Bosi alikuwa amerudi kutoka Nairobi na kibao cha kuchorea, cha plastiki, kinachochomekwa kwenye kompyuta, pamoja na kalamu yake isiyo na wino. Unapitisha kalamu juu ya kibao, mambo yanatokea kwenye skrini. Alijivunia kile kibao utadhani amekizaa.

"Dada, hii kalamu inajua uzito wa mkono," aliniambia. "Kifutio nimekipanga kiufuate. Ukikandamiza, kinafuta kabisa. Ukigusa kidogo, kinafuta kidogo, picha inabaki nyepesi na kilichoko nyuma yake kinaonekana. Ukifika kwenye nywele, mkono uwe mwepesi. Na ufanyie kazi kwenye nakala, ile ya asili usiiguse."

Nikamwambia nimeelewa. Na kuelewa nilielewa kweli. Tatizo ni kwamba mkono wangu haukuwa kwenye hayo mazungumzo.

Krismasi ilipopita tu, akaingia mama mmoja mtu mzima kutoka Usangi, kitenge juu ya koti, viatu vina udongo mwekundu wa milimani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ninyi ndio mnaounganisha watu?"

Akaweka picha mbili mezani. Moja ilikuwa ya Krismasi hiyo: watoto wake na wajukuu wote mbele ya migomba, yeye amekaa kwenye kiti, na ubavuni kwake wameacha nafasi ya mtu mmoja. Nyingine ya zamani, marehemu mume wake amekaa mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, nywele zake za mvi zimetimka huku na huku kama kuku aliyenyeshewa.

"Hawa wanaondoka mwaka mpya ukiingia," akasema. "Mmoja Dar, mmoja Mwanza, mmoja hata sijui ni wapi. Sijui kama nitawapata tena wote pamoja. Nataka kila mmoja aondoke na baba yake. Nitangoja hapa hapa."

Akakaa kwenye benchi, akatoa ndizi, akaanza kula.

Nikaskani picha zote mbili, nikampandisha mzee juu ya ile picha yenye migomba, kwenye nafasi aliyoachiwa, nikaanza kufuta ukuta pembeni yake. Mabega yalikwenda vizuri, koti lina mstari wa kufuata. Nikafika kichwani. Nikafuta zile nywele kama naandika stakabadhi. Nilipomaliza nilijisifu kabisa, kwa sababu kichwa kilikuwa safi, mviringo, hakina hata unywele mmoja nje ya mstari. Nikamwita mama aje aone.

Akatazama. Akasogea. Akatazama tena.

"Huyu nani?"

"Ni mzee, mama."

"Mzee wangu hakuwahi kuchana nywele. Nimegombana naye tangu siku niliyoolewa mpaka siku alipofariki. Leo hayupo ndiyo umempeleka saluni?" Akainamia skrini. "Na sikio lake la huku liko wapi?"

Sikio, jamani! Nilikuwa nimelifuta pamoja na ukuta. Bosi alikuwa mlangoni akijifanya anafuta vumbi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia yeye, na kibao, na mwekezaji.

Nikamfuta mzee mzima, nikachukua nakala nyingine, sikio likarudi. Safari hii nikasema mkono mwepesi wanautaka, wataupata. Nikagusa kama naogopa kuungua. Matokeo yake ukuta haukutoka vizuri. Chokaa ilibaki kuzunguka kichwa chote, ukungu mweupe juu ya majani ya kijani, unang'aa.

Mama alikuja kuangalia, akaguna.

"Alikuwa mzee wa kanisa, sawa. Lakini utakatifu huo hapana. Mimi ndiye ninayemjua."

Bosi akatoka nje kabisa, akaenda kuchekea huko. Mimi nikaiweka kalamu chini, nikamwambia ukweli: mama, mkono wangu una mawili tu, kukandamiza au kutogusa. Labda umrudishe bosi aifanye yeye.

"Huyo anayecheka? Simtaki." Akazunguka meza, akaja kusimama karibu nami, akanipandisha mkono wa sweta bila kuniomba. "Mzee alikuwa akisinzia kwenye kiti mchana, mimi namchana kwa siri. Ukimgusa kwa nguvu anaamka, ugomvi mpaka jioni. Ukimgusa kidogo mno, kitana hakishiki kitu, unacheza tu. Unamgusa hivi."

Akaweka vidole vyake karibu na kiwiko changu, kwa nguvu ya kutosha, akavivuta kuelekea kiganjani. Vilivyozidi kwenda ndivyo vilivyozidi kuwa vyepesi, mpaka mwisho sikujua vimeniacha saa ngapi. Akarudia. Ngozi ilinisisimka. Niliwaza, huyu mwanamke alimpenda yule mtu jamani, na mtu mwenyewe alikuwa amelala wala hajui.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nikachukua nakala nyingine ya mzee. Nikapunguza ukubwa wa kifutio. Nikaanzia mbali, kwenye ukuta, hapo nikakandamiza na chokaa ikaondoka yote. Kila mkono ulivyokaribia nywele nikaulegeza, na penye ncha za nywele nikauinua kabisa. Nikapita hivyo katikati ya kila kishungi, kimoja kimoja. Kurudia palepale nilijizuia, maana kifutio kinaongeza juu ya kile kilichokwisha kufuta, na ukirudia rudia unarudi saluni. Migomba ikaanza kuonekana kupitia nywele za mzee, kidogo hapa, zaidi pale. Chokaa kidogo iliyosalia haikunisumbua tena, kwa kuwa mzee alikuwa na mvi, na chokaa ile nyembamba ikawa mvi nyingine.

Mama alisimama nyuma yangu muda wote.

Bosi akachapa nakala ya kwanza. Karatasi ikatoka polepole, kwanza migomba, halafu vichwa vya watoto, halafu zile nywele, zimetimka pande zote kama kawaida yake, halafu mzee mwenyewe, amekaa ubavuni kwa mkewe na masikio yake mawili.

Mama aliichukua kwa mikono miwili. Midomo ilianza kumcheza, nikadhani atalia, nikatafuta kitambaa. Badala yake akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akakipeleka kwenye picha ili azilaze zile nywele.

"Hata Krismasi?" akamwambia mzee. "Hata watoto wamekuja, baba, hata Krismasi?"

"Usiguse, mama!" bosi akapiga kelele. "Wino bado mbichi, utaharibu!"

Kidole kikasimama hewani, karibu sana na karatasi. Akakitazama, akamtazama mzee wake, kisha akakifuta taratibu kwenye kitenge.

"Basi," akasema. "Mwacheni hivyo hivyo."