Siku Baba Aliporudisha Lori

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la yule mbwa wa gereji ya Kisumu. Sitayaandika, maana wajukuu wao bado wanapita hapa kwangu kunywa chai.

Shule nilikaa miaka miwili tu. Hesabu ya mkopo nilijifunzia kwenye lori la baba.

Upande wetu wa Kericho hakuna Mkipsigis aliyekuwa amenunua lori kabla yake. Aliuza ng'ombe wanane, akapata shilingi mia nne, akampelekea Muhindi mwenye gereji. Iliyobaki ilikuwa elfu mbili, faida ikiwa ndani, alipe mia moja kila mwezi. Akatia kidole gumba kwenye karatasi mbele ya Bwana DC. Karatasi ilisema kwamba mpaka senti ya mwisho ilipwe, lori ni la muuzaji. Baba aliposomewa hapo alifurahi sana. Mambo ya namna hiyo aliyajua tangu utoto.

Kwetu kuna kimanagan. Unamwekea rafiki ng'ombe wako, yeye anachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako. Rafiki akichoka anamrudisha, mnaachana vizuri. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi uione. Hakuna anayedai mwenzake. Basi baba alidhani amewekewa lori.

Alibeba unga wa mahindi kutoka stesheni ya Fort Ternan mpaka kwa wafanyakazi wa majani chai. Mvua ikaja, barabara ikawa uji, na shamba nalo likapunguza malipo ya usafiri. Mwezi wa nane mlango mmoja wa lori ulifungwa kwa kamba na injini ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Baba alikuwa amelipa mia nane.

"Nimechoka nalo," akamwambia mama. "Nalirudisha."

Mama akajaza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama inavyofaa mtu akirudisha ng'ombe wa mwenzake. Tukaenda Kisumu watatu, mimi nikishika kibuyu.

Muhindi akalizunguka lori. Akapiga gurudumu teke, akafungua boneti, akaifunga haraka.

"Mzee, hili nikiuza leo napata mia saba."

"Uza. Ni lako."

"Deni limebaki elfu moja na mia mbili."

"Lakini nimekurudishia."

"Nimeona. Nikitoa mia saba, unabaki na deni la mia tano."

"Mia tano ya nini?"

"Ya lori."

"Hili si lako?"

"Ni langu."

"Basi deni hilo jidai mwenyewe."

Muhindi hakucheka. Akamwambia polepole, "Mzee, deni linashuka mia moja kila mwezi. Lori limeshuka haraka kuliko deni. Ng'ombe akikaa kwako anazaa. Hili limezaa nini?"

Baba akaangalia chini ya lori, kama kwamba huenda kuna kitu.

Shilingi mia tano zilikuwa ng'ombe kumi. Nyumbani tulikuwa na kumi na mmoja, na watoto saba wa kunywa maziwa yao. Mama, ambaye shule hakukaa hata siku moja, akauliza, "Baba watoto, petroli na matengenezo yakitoka, kwa mwezi linabakisha ngapi?"

"Tisini."

"Na unalipa mia."

"Ndiyo."

"Ukiliacha hapa, tunatoa ng'ombe kumi na lori hatuna. Ukirudi nalo, tunapungukiwa shilingi kumi kwa mwezi. Kumi nitauza maziwa."

"Huyu mama angekuja siku ya kununua," Muhindi akasema.

"Siku hiyo hakuniambia tunakwenda wapi," mama akajibu.

Muhindi akanywa mursik, akamaliza kibuyu, akasifu. Hakupunguza hata senti.

Tukarudi na lori.

Akalipa miezi kumi na miwili. Mama aliuza maziwa, na ng'ombe mmoja akaenda kwa ajili ya magurudumu. Siku deni lilipoisha, Muhindi alimpa baba karatasi yake na kumwambia kwamba sasa lori ni lake kabisa, na kwamba thamani yake ni mia tatu.

Wiki hiyo akaja mfugaji mmoja wa Chebunyo aliyelitamani. Baba akakataa pesa. Alitaka ng'ombe sita, majike, wote siku moja. Yule mtu akawaleta. Alipokwisha kupanda kwenye lori, akatoa kichwa upande wa mlango wa kamba.

"Na nikichoka nalo, mzee, nirudishe?"

"Rudisha," baba akasema. "Njoo na mursik, nitakunywa. Ng'ombe hutawaona."

Mama hakuwa akisikiliza. Alikuwa zizini anahesabu, na alipofika kumi na sita akaanza tena.