Mkasi Uliogoma kwa Fundi Cheche

Fundi Cheche hakuwa mtu wa kujidunisha. Asubuhi akiingia sokoni na baiskeli yake ya kunolea, utamsikia kabla hujamwona: "Visu! Mikasi! Funguo! Miavuli iliyovunjika mbavu! Leteni, nimefika mwenyewe!" Na tuseme kweli, alikuwa na haki ya kujidai. Wauza nyama hawakumpa mwingine visu vyao. Ufunguo alikuchongea kwa tupa, mpya na wa zamani zimebanwa pamoja kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, na kitasa kikaitika mara ya kwanza. Miaka ishirini na mbili, jamani, si mchezo.

Jumatatu mshona suruali alimletea mikasi saba ya safu nzima ya mafundi cherehani, imefungwa kwenye kitambaa. Fundi Cheche akasimamisha baiskeli, akapanda, akakanyaga pedali, jiwe likazunguka. Mkasi haunolewi kama kisu. Unagusa upande wa nje tu. Ukila upande wa ndani umeuua. Sita ilipita bila maneno. Wa saba ulimkatalia. Kila akijaribu kitambaa chepesi, kinakunjika na kuponyoka katikati ya makali.

"Wewe unanijua mimi?" akauuliza mkasi. Akaona makali hayakutani sawasawa, basi akaupinda kidogo kwa nyundo, akakaza skrubu, akajaribu tena, ukakata. Akairudisha yote, akaenda zake huku akipiga mluzi.

Jumatano alipokanyaga tu safu ya washonaji, akasikia, "Huyo! Huyo!" Mwenye mkasi wa saba alikuwa mama mmoja mshona magauni, mnene, mpole, ambaye siku ile upole ulikuwa umemtoka. Mbele yake kulikuwa na kitambaa cha hariri cha bibi harusi, na harusi ni Jumamosi.

"Kaka yangu, umenifanya nini?" alisema. "Nimejaribu kwenye kitambaa kibovu, mkasi unatafuna! Hariri hii nitaigusa na nini?"

Mshona suruali akanyoosha mkono. "Nipe mimi nikate, dada. Mkasi ni mzima. Si unajua mkono wako tena."

Mama yule akainamisha kichwa. Akaanza kuikunja hariri ampe. Kazi ile ilikuwa yake, bibi harusi alimchagua yeye kati ya mafundi saba, na sasa ilikuwa inahama meza.

"Ngoja kwanza," alisema Fundi Cheche. "Kata nikuone."

Mama akachukua mkasi. Akauchukua kwa mkono wa kushoto.

Lo! Fundi Cheche alihisi masikio yanawaka moto. Akaupokea, akaugeuza, akaangalia ni ubapa upi unaokaa juu. Mkasi ulitengenezwa kwa ajili ya mashoto. Yeye aliujaribu kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikasukuma makali yaachane, halafu kwa kiburi chake akaupinda ukiwa mzima ili umtii yeye.

Angeweza kusema chuma ni kibovu. Ulimi ulimwasha, nisikufiche. Lakini alifungua skrubu, akaweka ubapa juu ya kigogo, akaugonga taratibu mpaka ukarudi ulivyokuwa. Palipokuwa na pengo, pale makali yalipong'atana, akapanoa upya kwa nje. Akatia tone la mafuta, akalegeza skrubu kiasi. Kisha akakaa kwenye ndoo ya mshona suruali na kujaribu kwa mkono wa kushoto. Vipande vya mwanzo ungedhani vimeng'atwa na mbuzi. Washonaji wakamcheka mpaka basi. Naye akacheka, akaendelea, mpaka kitambaa chepesi kikakatika kutoka mzizi wa makali hadi ncha.

"Shika, dada."

Mama alikata hariri kwa mkupuo mmoja, ukingo ukanyooka kama uzi uliovutwa. Hakushangilia. Aliweka mkasi chini, macho yamejaa.

"Tangu najifunza kushona naambiwa nina mkono mbaya," alisema. "Mpaka kaka yangu aliponiletea huu mkasi miaka minne iliyopita. Juzi ulipoanza kutafuna, nikajua basi, hata mkasi huu, mkono wangu umeuharibu."

Fundi Cheche alisimama juu ya ndoo. Kwa sauti ileile ya kuita visu na miavuli, safu nzima ikasikia:

"Mkono wa dada huyu hauna kosa! Mkasi niliuharibu mimi!"

Mshona suruali akajifanya anatafuta sindano. Mama akafuta macho kwa kiganja, akavuta hariri yake karibu, akauliza, "Kaka, utakuja tena Jumatatu?"

"Nitakuja," akasema. "Nitaanzia kwako."