Kadi Iliyokatwa kwa Mkasi

Muharami alikuwa fundi wa mashine katika duka la Mzee Alawi, Mbeya, mwaka 1956. Kadi za maelezo ya pampu aliziandika yeye, na kila moja aliitia sahihi mstari wa mwisho.

Ezekia, mkulima wa mpunga kutoka Rujewa, aliijua desturi hiyo. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili ili anunue pampu. Akasoma kadi: "Injini ya dizeli, nguvu za farasi tano. Galoni elfu sita kwa saa. Ifungwe juu ya msingi wa saruji." Sahihi haikuwapo.

"Mzee Alawi, kadi imenyolewa ndevu."

"Panya hao, bwana."

"Panya wa Mbeya wana mkasi?"

Alawi akacheka peke yake. Ezekia akamgeukia fundi. "Bwana Muharami, hapa chini uliandika nini?"

Muharami alikuwa na watoto wanne na kazi hiyo moja. Akafuta grisi mikononi. "Isikae zaidi ya futi ishirini juu ya maji. Ikizidi hapo haivuti."

"Kiangazi, maji yangu yako futi thelathini chini ya ukingo wa mto."

"Basi uchimbe mahali pa kuiweka chini, na masika uihamishe. Kama huwezi, usinunue."

Ezekia akarudisha fedha mfukoni.

"Kesho usije," Alawi akamwambia fundi.

Muharami akachukua kalamu, akauandika upya nyuma ya kadi mstari uliokatwa, akatia sahihi, ndipo akavua ovaroli.