Karatasi Niliyoikunja kwenye Mfuko wa Nepi

Kiwanja cha mama yangu ndicho kilichofaa kuliko vyote, na mimi ndiye niliyekiharibu. Nasema mapema, asiyetaka kusoma aache.

Nilikuwa mjumbe wa bodi ya chama chetu cha wakulima wa alizeti, huku Ikungi. Mdogo kuliko wote, elimu ya kidato cha nne, mtoto mgongoni. Siku ya kwanza meneja, mama mmoja asiyecheka akiwa ofisini, alinipa fomu ya kutamka maslahi. Maswali yalikuwa wazi, huwezi kusingizia hukuelewa. Je, wewe, mwenzi wako, mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja au mtu unayeishi naye ana ardhi, biashara au mkataba unaoweza kugusa shughuli za chama? Ni nini? Tangu lini? Nikajibu hapana kila mahali. Na siku ile ilikuwa kweli.

Meneja akaitia fomu kwenye bahasha yenye jina langu, akaifungia kwenye kabati la chuma. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao yeye, mwingine mwenyekiti, na kila likifunguliwa wote wawili wanasaini daftari. Kisha akanipa karatasi nyingine, tupu.

"Hii ni ya mabadiliko. Kitu kikibadilika kwenu, unaijaza ndani ya siku kumi na nne, unaniletea. Na kama kikao kinakuja kabla ya hapo, usikae kimya. Unasema una maslahi, si lazima utaje yapi, unatoka nje, wenzio wanaamua."

Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa nepi.

Chama kilikuwa kinatafuta kiwanja cha kukodi ili kijenge ghala. Vilikuwepo viwili. Kimoja ng'ambo ya korongo, kingine kando ya barabara, cha mjomba wake mama, mzee asiye na mtoto. Kabla bodi haijaamua, yule mzee akafariki. Siku ya tatu ya msiba wazee wa ukoo walikaa ndani, wakasema kiwanja kiende kwa mama yangu, aliyemuuguza. Nilikuwa palepale, nanyonyesha.

Lakini kwetu mali ya marehemu haitajwi nje mpaka matanga yaanuliwe. Ukitaja mapema, wanasema ulikuwa unasubiri afe. Sasa mimi niende ofisini niandike "mama amerithi", udongo wa kaburi bado mbichi? Nikaona aibu. Kikao kikaja kabla ya matanga kuisha.

Mwenyekiti akafungua kama kawaida: "Kuna mwenye maslahi kwenye ajenda ya leo?"

Nikainama, nikamfuta mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu.

Ningenyamaza mpaka mwisho, afadhali. Hapana, nikasimama na mdomo wangu huu. "Ng'ambo ya korongo masika hata punda hapiti. Tuchukue cha barabarani." Kura zikapigwa, na yangu ikiwemo. Kikapita.

Siku ya kuanua matanga bodi nzima ilikuja. Mwenyekiti alikuwa anakula ugali wa uwele na mlenda pale mzee wa ukoo aliposimama akatangaza mbele ya watu: kiwanja cha barabarani ni cha mama yangu, tulishakubaliana tangu siku ya tatu. Mwenyekiti akaacha kumega. Akanitazama. Heri angenitukana.

Asubuhi nilikuwa ofisini na karatasi yangu, imekunjamana, inanuka maziwa.

"Shikamoo mama. Naomba niijaze, niweke tarehe ya wiki ile ya msiba, kabla ya kikao."

"Marahaba. Andika tarehe ya leo."

"Mama, ni karatasi tu!"

"Ya kwako ikiwa karatasi tu, za wenzio zitakuwa nini? Andika ya leo."

Nikaandika ya leo, kwa hasira hadi kalamu ikatoboa. Kabati likafunguliwa, yeye na mwenyekiti wakasaini, ikaingia juu ya ile fomu yangu ya mwanzo iliyokuwa safi.

Bodi ilifuta uamuzi. Nilitoka nje kama ilivyotakiwa tangu awali, nikakaa kwenye benchi, mtoto analia. Mjumbe mmoja alipotoka akanitania, "Dada, mbona leo mdomo umefungwa?" Nilitamani kumpiga kiatu. Hakuna tena aliyetaka kukisikia kiwanja cha barabarani, ingawa wote walijua ndicho bora. Ghala likaenda ng'ambo ya korongo. Nikaandika barua ya kujiuzulu.

Kinachoniuma ni hiki: ningejaza mistari mitatu nikatoka nje, wangekichagua bila mimi. Sababu ya korongo kila mtu anaiona kwa macho. Siri ya msiba nayo ingelala salama kwenye lile kabati, hakuna ambaye angeisoma mtaani. Nililiogopa kabati lenye kufuli mbili, nikaamini mdomo wangu.

Masika haya nimepita pale barabarani na mkokoteni wa punda, magunia ya alizeti juu, nikiyapeleka ghalani. Mama alikuwa anapalilia viazi kwenye kiwanja chake.

"Korongo limejaa," akasema bila kuinua uso. "Shusha mizigo hapa, mwanangu. Usubiri."

Nikashusha.