Sahihi ya Ami

Hata leo, mtu akisema mbele yangu kwamba mwanamke wa heshima ana wa kumsemea, damu hunichemka. Zamani, wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, mama alikuwa mjane, na tulikaa chini katika nyumba ya ghorofa Mji wa Kale. Kodi alilipa mwenyewe kwa kushona kofia. Amana, fedha za kurudishiwa tukihama, alimpa mwenye nyumba kwa kuuza bangili yake. Jiko letu wapangaji sote lilikuwa juu darini, mpaka mwenye nyumba alipolitia kufuli aweke magunia yake. Mama alikataa kunyamaza. Alipika ukumbini, moshi ukatutoa machozi, na kila mwisho wa mwezi alimdai ufunguo.

Kisha nyumba ikawa inauzwa. Mnunuzi, Muhindi mwenye duka la kanga, alitaka kila mpangaji athibitishe kwa maandishi kodi yake, amana aliyoweka na ugomvi wowote ulio wazi, asije akanunua madeni asiyoyajua. Jambo la haki kabisa. Lakini dalali wa muuzaji hakubisha mlangoni kwetu. Alimwendea ami yangu, ndugu wa marehemu baba, akamkuta barazani anakunywa kahawa. Ami akatia sahihi kwa niaba ya mama. Amana: hakuna. Ugomvi: hakuna. Hakutuuliza hata neno moja!

Bahati yetu, mnunuzi hakuwa mtu wa kuamini karatasi za dalali. Alizunguka mlango kwa mlango kuwasomea wapangaji walichothibitisha. Kwetu alisimama nje ya pazia la mlango, na ami, aliyemsindikiza, akaketi kama ndiye bwana wetu.

"Mama," mnunuzi akasema, "hapa imeandikwa huna amana wala ugomvi. Nikinunua kwa maneno haya, kesho usinidai."

Mama nyuma ya pazia akauliza, "Ni nani alosema hayo?"

"Mimi," ami akajibu. "Wewe, shemeji, si wa kusema na wanaume."

"Na kodi ikifika, mbona nasema nao? Risiti zina jina la nani?"

Akanipa risiti, ile ya amana ikiwa juu, nizipitishe chini ya pazia. Kisha akaeleza habari ya kufuli, bila kupandisha sauti. Mimi nilitamani apige kelele.

Mnunuzi akasema hatamaliza ununuzi mpaka maelezo yasahihishwe. Mama alitia sahihi yake mwenyewe. Amana ikakatwa kwenye bei ya nyumba, mnunuzi akawa ndiye mwenye kuirudisha siku tukihama, na muuzaji akalazimika kuondoa magunia kabla ya kulipwa.

Siku jiko lilipofunguliwa, mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Harufu ilishuka mpaka barazani. Ami akaja kula, kama kawaida yake kila Ijumaa, akapiga hodi.

"Samahani, shemeji," mama akamjibu kutoka ndani. "Leo tushakula kwa niaba yako."