Mfuko Mmoja wa Nyimbo Zote

Shangazi yangu wa Machame alikuwa akilipia muziki wa mtandaoni kila mwezi, na akikamua ng'ombe alisikiliza kwaya yetu tu. Aliposikia mapato yetu hayatoshi hata soda, alinijia juu mimi, mweka hazina wa kwaya, kwamba nimeyala.

Nikamweleza kwamba wimbo hauna bei maalumu kama kilo ya kahawa. Fedha za wasikilizaji wote huingia mfuko mmoja, kampuni ya mtandao huo hukata chake, kinachobaki hugawanywa kulingana na nyimbo zilivyopigwa. Mastaa hupigwa mara mamilioni, sisi ni tone tu, na studio nayo inamega.

"Kwa hiyo hela yangu wanakula watu nisiowasikiliza?"

"Nyingi, shangazi."

Akaacha kulipia. Alinipa flashi nimwekee nyimbo zetu, pamoja na ile pesa aliyokuwa akilipa kila mwezi.

"Hii isipite kwenye mfuko wao."