Barafu ya Rangi ya Waridi

Dada yangu alikuwa akitayarisha sherehe ya ubatizo wa mjukuu wake, kule Carama. Mimi napika katika mkahawa mmoja Kibenga, na kila siku napokea nyama iliyogandishwa, kwa hiyo alinitumia picha za kuku na aiskrimu alivyotaka kununua kwa rafiki yake wa kanisani, mama mmoja mjane anayeuza vyakula vya friza nyumbani kwake.

Nilikuza picha ya kwanza. Mapaja yalikuwa na mabaka meupe, makavu kama ngozi iliyopauka. Nikampigia.

"Hayo yamekaushwa na baridi tu, kwa sababu mfuko ulipasuka. Hayana sumu. Kata pale palipokauka, pika na mchuzi."

"Na ingine?"

Nikafungua picha ya pili. Mfuko ulikuwa mzima, lakini mapaja yalikuwa yameshikana bonge moja, na chini yake majimaji yalikuwa yameganda, barafu ya rangi ya waridi. Kwenye picha ya aiskrimu, majimaji matamu yalikuwa yamevuja na kukaukia kando ya kifuniko; ndani, aiskrimu ilikuwa imebonyea katikati na kujaa chembe kubwa za barafu.

"Dada, hivi viliyeyuka, vikaganda tena. Usinunue."

"Apana, huyu si mutu wa kudanganya! We unaona picha tu, unamuhukumu mutu."

Alikata simu. Maneno yake yalinikaa moyoni. Ni kweli, picha haikuniambia vilikaa nje ya baridi muda gani, wala vilinuka vipi. Jioni nikaenda mwenyewe kwa yule mama, nikamwonyesha picha kwa upole, nikamuuliza kama umeme ulikuwa umekatika.

Aliishika simu, akaitazama picha kwa karibu.

"Mi nilikuwa Uvira, kumuzika kaka yangu," alisema. "Niliporudi, friza ilikuwa inawaka. Nikaona kila kitu kiko kigumu, nikashukuru Mungu."

Akamwita jirani kupitia ua, akamuuliza kuhusu umeme. Jirani akajibu kwamba mtaa mzima ulikaa gizani tangu siku yule mama alipoondoka, na umeme ulirudi siku moja tu kabla hajarudi.

Yule mama akaketi kwenye kiti. "Jana nimewapikia watoto wangu kuku wa humo humo," akasema taratibu. Watoto walikuwa wakicheza nje, wazima. Aliwatazama, kisha akainuka kufungua friza. Nilimsaidia kutoa kila kitu na kukifukia nyuma ya nyumba. Nilijisikia vibaya, maana msiba wake ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa nimemletea hasara juu yake.

Dada alisikia habari kutoka kwa yule mama, si kwangu. Siku ya ubatizo tulikula ndagala, wale dagaa wa ziwani, na maharage, na yule mama ndiye aliyesimamia sufuria. Dada alimweka karibu naye mezani, akampakulia wa kwanza.